Dhamira tegemezi ya Kifaransa: pale -e yetu inaposaidia na pale inapopotosha

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Kigoma, najiandaa kwa mtihani wa DELF B1. Niliambiwa kwamba dhamira tegemezi ya Kifaransa ni ile ile -e yetu ya "nataka aje". Nikaifuata, nikamwandikia rafiki yangu aliyeko Bujumbura hivi: "Je suis content que tu as trouvé du travail. Je ne pense pas que je viendrai en décembre. Ma mère est malade, il faut que je reste avec elle. J'espère qu'elle guérisse vite. Je veux que je te voie avant Pâques. Il ne faut pas que tu m'envoies de l'argent, j'en ai assez." Mwalimu wangu amepiga mstari mwekundu karibu kila mahali. Inakuwaje kufurahi kudai dhamira tegemezi, na kutumaini kuikatae?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Aliyekuambia hivyo alikupa nusu ya ukweli, na ni nusu yenye manufaa, kwa hiyo tuanze nayo kabla ya kufika pale inapokatika. Katika mambo manne ambayo vitabu huyataja pamoja, yaani matakwa, ulazima, hisia na shaka, mawili ya kwanza yanalingana na Kiswahili kwa kiasi cha kushangaza. Tunasema "nataka aje" wala hatusemi "nataka anakuja", na Mfaransa naye husema "je veux qu'il vienne", si "je veux qu'il vient". Tunasema "ni lazima aende", naye husema "il faut qu'il aille". Hata penye kauli zinazofanana na hizo sikio lako litakuongoza vizuri: "afadhali tungoje" ni "il vaut mieux que nous attendions", "napendelea ubaki" ni "je préfère que tu restes", na "ni muhimu wajue" ni "il est important qu'ils sachent". Wakati wowote Kiswahili chako kinapotoa -e baada ya neno la kutaka, kuomba, kupendelea au kulazimu, andika dhamira tegemezi ya Kifaransa, ile ambayo kitabu chako kinaiita "subjonctif", bila wasiwasi.

Ulinganifu huu unafika hata kwenye kitenzi cha kusema. "Mwambie kwamba anakuja" ni kupeleka habari, na "mwambie aje" ni kupeleka agizo, nasi tunatofautisha mambo hayo kwa umbo la kitenzi cha pili peke yake. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: "dis-lui qu'il vient" ni habari, "dis-lui qu'il vienne" ni agizo. Kitenzi "dire" hakijabadilika hata kidogo, na kilichobadilika ni kazi ya kishazi kinachokifuata. Mfano huu ushike vizuri, kwa sababu unaonyesha kwamba orodha ya maneno yanayovuta dhamira tegemezi haitoshi peke yake. Swali la kujiuliza ni hili: je, kishazi kinachofuata "que" ni habari ambayo msemaji anaitoa na kuisimamia, au ni kitu kingine?

Kuhusu umbo nitasema kwa ufupi, maana makosa yako hayatokani nalo. Chukua nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopo, "ils viennent", ondoa "-ent", kisha weka -e, -es, -e na -ent kwa nafsi zote isipokuwa "nous" na "vous", ambazo huchukua "-ions" na "-iez" na kwa vitenzi karibu vyote hufanana na wakati uliopita wa "imparfait": "que je vienne", lakini "que nous venions". Vinavyokwenda njia yao ni vichache, na vile utakavyovihitaji kila siku ni "être" (que je sois), "avoir" (que j'aie), "aller" (que j'aille), "faire" (que je fasse), "pouvoir" (que je puisse), "savoir" (que je sache) na "vouloir" (que je veuille). Angalia tu kwamba "aie" hutamkwa kama e iliyo wazi, ilhali "aille" husikika kama "ai" yetu ya neno "chai", kwa kuwa wanafunzi wengi huchanganya haya mawili katika mtihani wa kuzungumza.

Jambo moja la umbo linahusu barua yako. Vitenzi vinavyoishia na "-er", isipokuwa "aller", havionyeshi tofauti yoyote katika "je", "tu", "il" na "ils", hivyo "tu restes" na "que tu restes" ni neno moja. Hali hii si ngeni kwetu, kwani vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu navyo havina -e ya kuonyesha: tunasema "nataka aje", lakini "nataka arudi", wala hakuna anayedhani kwamba "arudi" si dhamira tegemezi kwa sababu tu mwisho wake haukubadilika. Ukiwa na mashaka, weka "faire" au "venir" mahali pa kitenzi hicho, kama unavyoweza kuweka "aje" mahali pa "arudi", na umbo litajitokeza.

Sasa tufike kwenye hisia, ambako sentensi yako ya kwanza ilianguka. Kiswahili husema "nafurahi kwamba umepata kazi", na hiyo -me- ni sahihi kabisa kwetu, kwa sababu rafiki yako kazi amekwisha kuipata. Kwetu -e huelekea zaidi kwenye jambo ambalo bado halijatimia. Ndiyo maana mtu aliyelelewa katika Kiswahili hujiuliza, kwa haki, itakuwaje jambo lililokwisha kutokea liwekwe katika dhamira tegemezi. Jibu ni kwamba Kifaransa hakipimi kama jambo limetimia au halijatimia. Kinapima kama msemaji analidai. Rafiki yako anajua kwamba amepata kazi, tena yeye ndiye aliyekuambia, kwa hiyo humpi habari hiyo. Unachompa ni furaha yako. Habari ya sentensi nzima imekaa katika "je suis content", na kishazi kilichobaki kinataja tu kile kilicholeta furaha. Kwa hiyo ni "je suis content que tu aies trouvé du travail".

Ona pia kwamba wakati haukupotea. Dhamira tegemezi ya Kifaransa inalo umbo la wakati uliopita, linaloundwa kwa "avoir" au "être" katika dhamira hiyo pamoja na kitenzi tendwa: "que tu aies trouvé", "que tu sois venu". Umbo hilo ndilo linalofanya kazi ya -me- yetu. Ukisema "je suis content que tu trouves du travail", msomaji ataelewa kwamba kazi inapatikana sasa au itapatikana, na hilo silo ulilokusudia. Kosa hili ni la kawaida kwa mwanafunzi ambaye amekwisha kujua kwamba hisia hudai dhamira tegemezi, lakini akakimbilia umbo la sasa kwa sababu ndilo analolijua.

Kauli za hisia utakazozihitaji hazizidi vidole vya mikono miwili: kuwa "content", "heureux", "triste", "désolé", "surpris" au "fâché", kisha "regretter que", "s'étonner que", "avoir peur que" na "c'est dommage que". Zote hufuata njia ile ile. Jihadhari tu na "heureusement que", ambayo ingawa inabeba furaha ndani yake, huchukua dhamira arifu, yaani umbo la kawaida la kutoa habari: "heureusement que tu es venu". Hapo hakuna mtu anayetajwa kuwa na hisia, bali msemaji anatoa habari kwamba umekuja na kuipamba kwa neno moja mwanzoni, kama sisi tunavyosema "bahati nzuri umekuja".

Kuhusu kuogopa, Kiswahili kinakusaidia kuliko wanavyosaidiwa wanafunzi wa lugha nyingine nyingi, na mara nyingi huwa nasikitika kuona walimu wetu hawalitumii jambo hili. Katika maandishi ya Kifaransa utakutana na sentensi kama "j'ai peur qu'il ne tombe", na wanafunzi huitafsiri "naogopa kwamba hataanguka", jambo ambalo ni kinyume kabisa cha maana yake. Hiyo "ne" haikanushi kitu. Lakini kumbuka jinsi mama anavyosema akimwona mtoto juu ya mwembe: "nachelea asije akaanguka". Hapo kikanushi kimo ndani ya "asije", na bado hofu ni kwamba ataanguka. Lugha zote mbili zimeingiza ndani ya kishazi ile haja ya moyo kwamba jambo lisitokee. Katika Kifaransa "ne" hiyo ni ya hiari, nayo husikika zaidi katika lugha ya uandishi, kwa hiyo "j'ai peur qu'il tombe" ni sahihi vilevile. Ukitaka kusema unaogopa kwamba jambo halitatokea, ndipo unapoweka "ne" na "pas" zote mbili: "j'ai peur qu'il ne vienne pas".

Tuje kwenye swali lako la kutumaini. Mfaransa husema "j'espère qu'elle guérira vite", kwa dhamira arifu, kwa sababu Kifaransa kimeliweka tumaini upande wa fikra na makadirio: anayesema "j'espère" anatabiri jambo na kulitegemea, karibu na anayesema "je pense". Kiswahili nacho kinajua njia hiyo, kwani tunasema "natumaini atapona" kwa -ta-, na laiti ungelisikiliza sikio lako hapa, usingekosea. Nadhani ulikosea kwa sababu ulikwisha kujifunza kwamba matakwa hudai dhamira tegemezi, ukalihesabu tumaini kuwa ni matakwa. Lakini sitaki kukuacha ukidhani kwamba mantiki peke yake ingekufikisha hapo. Kihispania, ambacho ni ndugu wa Kifaransa, husema "espero que venga" kwa dhamira tegemezi, ingawa tumaini ni lile lile. Kwa hiyo "espérer" ni neno la kuwekwa kichwani kama lilivyo. Jirani yake "souhaiter", yaani kutakia au kuomba jambo liwe, huchukua dhamira tegemezi: "je souhaite qu'elle guérisse vite". Kitenzi ulichokiandika kilikuwa sahihi, ila ulikitanguliza na neno lisilo lake.

Shaka ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hapa Kiswahili hakitoi dalili yoyote. Tunasema "nadhani atakuja" na "sidhani kama atakuja", na kitenzi cha pili hakisogei. Kifaransa kinasogea. "Je pense qu'il viendra" ni dai, ijapokuwa ni dai la mtu asiye na hakika kamili, nalo husimama katika dhamira arifu. "Je ne pense pas qu'il vienne" linaondoa dai hilo mezani, na kitenzi kinaingia katika dhamira tegemezi. Angalia pia kwamba -ta- ya "atakuja" imemezwa: dhamira tegemezi ya Kifaransa haina wakati ujao, na umbo la sasa hubeba leo na kesho pamoja. Utasikia Wafaransa wengine katika mazungumzo wakisema "je ne pense pas qu'il viendra", nao hueleweka, lakini katika barua ya mtihani usijaribu.

Njia hii ya kugeuka kwa ukanushi inahusu "penser", "croire", "trouver", na kauli kama "être sûr" na "être certain". Zikiwa za kukubali huchukua dhamira arifu, na zikikanushwa hugeuka. Ukiuliza kwa "est-ce que", dhamira arifu ndiyo ya kawaida: "est-ce que tu crois qu'il viendra ?". "Douter que" haingoji ukanushi, kwa sababu shaka imo ndani yake tangu mwanzo: "je doute qu'il vienne". Lakini "se douter que" ni kitu kingine kabisa, maana yake ni kuhisi au kubashiri kwa karibu hakika, na huchukua dhamira arifu: "je me doute que tu es fatigué", yaani najua tu kwamba umechoka. Silabi moja ndogo, "me", inageuza shaka kuwa hakika, na dhamira ikageuka nayo.

Upande wa uwezekano, mpaka umechorwa mahali ambapo wengi hawautarajii. "Il est possible que" huchukua dhamira tegemezi, na "il est probable que" huchukua dhamira arifu, kwa kuwa linaloelekea kutokea limekwisha kuwa dai. Punguza uzito wake, useme "il est peu probable que", na dhamira tegemezi inarudi. Sisi tunasema "inawezekana amefika" bila kubadili kitu, lakini kwa Kifaransa ni "il est possible qu'il soit arrivé". "Huenda atakuja", kinyume chake, ni "peut-être qu'il viendra", kwa dhamira arifu, hata kama jambo lenyewe lina mashaka yale yale.

Yamebaki mambo mawili katika barua yako, na yote mawili yanatoka moja kwa moja katika Kiswahili. La kwanza ni "je veux que je te voie". Kwetu mtu anaweza kusema "nataka kukuona" au "nataka nikuone", na zote zinapita. Kifaransa hakikubali ya pili. Mtu anayetaka akiwa ndiye atakayetenda, kishazi chenye "que" huondolewa na kitenzi-jina huchukua nafasi yake: "je veux te voir". Kanuni hiyo inafanya kazi katika hisia pia, ambapo "de" huingia katikati: "je suis content de te voir", si "je suis content que je te voie". Katika matakwa na hisia, kwa hiyo, dhamira tegemezi hudai watu wawili, mmoja wa kutaka au kuhisi na mwingine wa kutenda. Kwa "penser" kanuni si kali kiasi hicho, ila "je ne pense pas pouvoir venir" ni nzuri kuliko "je ne pense pas que je puisse venir", nayo inakuepusha na kosa. "Il faut" haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu "il" yake si mtu, ndiyo maana "il faut que je reste" ni sahihi kabisa.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu sarufi yako ilikuwa sahihi na maana ikaharibika. Ulitaka kumwambia rafiki yako kwamba si lazima akutumie fedha. Ukachukua "il faut que", yaani ni lazima, ukaikanusha. Lakini "il ne faut pas que" haimaanishi si lazima. Inamaanisha haifai, haipaswi, ni marufuku. Kwa Kiswahili ukanushi unaangukia neno "lazima", na kinachobaki ni hiari. Kwa Kifaransa ukanushi umewekwa juu ya "faut", lakini maana yake inaangukia tendo lenyewe, na kinachobaki ni katazo. Rafiki yako amesoma "usinitumie fedha", na kwa jinsi ulivyoongeza kwamba unazo za kutosha, huenda akadhani umekasirika. Ulichohitaji ni "tu n'es pas obligé de m'envoyer de l'argent", au ukitaka kubaki na kishazi, "il n'est pas nécessaire que tu m'envoies de l'argent". Mwalimu wako alipiga mstari hapo kwa kuwa alisoma maneno yanayofuata, akatambua kwamba hukukusudia katazo. Mkaguzi asiyekufahamu huenda angeliacha lipite, nawe usingejua.

Barua yako, basi, nikiigusa kidogo iwezekanavyo, inasomeka hivi:

"Je suis content que tu aies trouvé du travail. Je ne pense pas pouvoir venir en décembre. Ma mère est malade, il faut que je reste avec elle. J'espère qu'elle guérira vite. Je voudrais te voir avant Pâques. Tu n'es pas obligé de m'envoyer de l'argent, j'en ai assez."

"Je veux" nimeigeuza kuwa "je voudrais" kwa adabu tu, si kwa sarufi. Ila ukiitumia na mtu mwingine, kwa mfano "je voudrais que tu viennes", unaweza kukutana na kitabu cha zamani kinachodai "que tu vinsses". Umbo hilo ni la "imparfait" ya dhamira tegemezi, tofauti na lile la "aies trouvé", nalo sasa hukaa katika maandishi ya kale na ya kifasihi. Waraka wa Wizara ya Elimu ya Ufaransa wa tarehe 26 Februari 1901 ulikwisha kuruhusu umbo la sasa mahali hapo katika mitihani, kwa hiyo andika "viennes" bila hofu.

Mwisho, umeona kwamba barua iliyosahihishwa imebaki na dhamira tegemezi mbili tu, "aies trouvé" na "reste", na hiyo ya pili haionekani kwa macho. Mtihani wa DELF utataka ionekane kwamba unaijua, kwa hiyo mwambie rafiki yako jambo moja zaidi linalomhusu yeye: "J'aimerais que tu viennes à Kigoma avant Pâques, mais je doute que tu puisses prendre des vacances si tôt." Hapo kuna matakwa na shaka, watu wawili katika kila kishazi, na vitenzi viwili ambavyo umbo lake halina mahali pa kujificha.